Asilimia ya mafuta kwenye tablo ao kilometa 5.000 za fundi: gari inahesabu nini hasa

Kwenye garaji nyingi za Lubumbashi, kisha vidanji fundi anaandika hesabu kwenye karatasi ndogo na kuigandisha juu ya kioo ao pembeni ya mlango: kilometa za leo, na kilometa za kurudia. Kati ya hizo mbili mara nyingi kunakuwa 5.000. Watu wamezoea hivyo miaka na miaka, na moteri nyingi zimezeeka vizuri kwa desturi hiyo.

Sasa magari ya okazio yanayoingia kupitia Dar es Salaam na Kasumbalesa yanakuja na sauti yao wenyewe. Karatasi ya fundi inasema siku imefika, lakini tablo inaonyesha kwamba mafuta ya moteri ingali na asilimia 50. Mwenye gari anajisemea: kwa nini nimwage mafuta ambayo ingali nusu? Fundi anajibu kwamba ile kompyuta ilitengenezwa kwa barabara za wazungu, haijui vumbi ya huku. Kila mmoja ana sehemu ya haki, na kila mmoja anaweza kuua moteri akishika sehemu yake peke yake.

Kosa la kwanza linatoka kwenye neno lenyewe. Asilimia 50 haisemi kwamba ndani ya moteri kumebaki nusu ya mafuta. Haipimi wingi hata kidogo. Inasema kwamba nguvu ya mafuta kufanya kazi yake, kwa hesabu ya kompyuta, imefika katikati. Moteri inaweza kukauka kabisa na tablo ikaendelea kuonyesha 50.

Kosa la pili ni kufikiri kwamba kuna chombo fulani kinachoonja mafuta. Kuna magari machache ya bei kubwa yenye kifaa cha namna hiyo, lakini kwa magari mengi hakuna kitu kinachogusa mafuta ili kujua kama imechoka. Ni hesabu tupu. Kampuni ya General Motors ya Amerika ndiyo ilianza kuweka mfumo huo kwenye magari ya kuuzwa, mwaka 1988. Watafiti wake, kati yao mwanakemia Shirley Schwartz na mwenzake Donald Smolenski, waliona kwamba kilometa peke yake ni kipimo kibaya cha uchovu wa mafuta. Kinachochosha mafuta ni mizunguko ya moteri na joto ambalo mizunguko hiyo inafanyika ndani yake. Basi kompyuta inahesabu mizunguko, na inakata zaidi wakati moteri ingali baridi ao imepata moto kupita kiasi.

Kwa nini baridi? Moteri ikiwashwa asubuhi, kidogo ya esansi na maji yanayotokana na moshi vinashuka na kuchanganyika na mafuta. Mtu akienda mbali, moteri inapata moto sawasawa na vile vitu vinapanda kama mvuke na kutoka. Akienda kilometa mbili mpaka sokoni, akazima, akawasha tena kurudi, havipati nafasi ya kutoka. Vinabaki na kufanya mafuta kuwa mepesi na yenye asidi. Juu ya hiyo, gari ya mama anayepeleka watoto kwenye masomo karibu na nyumba inaweza kuchosha mafuta haraka kuliko gari inayokwenda Kolwezi kila juma, hata kama kilometa zake ni chache.

Na kuna ralanti. Hapa ndipo desturi ya kilometa inapofungwa macho kabisa. Moteri ikizunguka ralanti mara 700 kwa dakika, saa moja inafanya mizunguko 42.000. Gari ikitembea kwa kilometa 60 kwa saa huku moteri inazunguka mara 2.000 kwa dakika, inafanya mizunguko 120.000 kwa kilometa 60. Gawanya: saa moja ya kusimama huku moteri inaunguruma ni sawa na mizunguko ya kilometa 21 hivi za njia. Shofere anayemngojea patron wake mbele ya ofisi, klimatizasio imewashwa, saa mbili kwa siku, siku 25 kwa mwezi, ameongezea moteri mizunguko ya kilometa 1.050 ambazo konteri haikuandika hata moja. Ambuteyaji ya mjini inafanya vilevile.

Tuweke mfano wa gari moja inayojulikana, Honda CR-V ya miaka ya 2007 na kuendelea iliyotengenezwa kwa soko la Amerika, moteri ya esansi ya litre 2,4. Kwa vidanji pamoja na filtri inachukua mafuta litre 4,2 hivi. Kwenye tablo yake asilimia haishuki moja moja. Inaruka: 100, 90, 80, mpaka 20, kisha 15, 10, 5, na 0. Ikiandika 60, hesabu ya kweli iko mahali fulani kati ya 60 na 51. Basi mtu anayetaka kujua mwendo wa gari yake aandike kilometa siku ile ile namba inapobadilika, si siku yoyote.

Sasa tuchukue CR-V mbili za namna moja, zote zimetoka vidanji siku moja. Ya kwanza ni ya mfanyabiashara anayekwenda na kurudi Lubumbashi na Kolwezi, karibu kilometa 300 kwenda tu, sehemu kubwa lami, moteri yenye moto wa kawaida njia nzima. Tablo yake inageuka 60 wakati amefanya kilometa 4.000. Ametumia asilimia 40, kwa hiyo asilimia moja inamgharimu kilometa 100, na akiendelea hivyo atafika 0 kwenye kilometa 10.000. Ya pili inazunguka mjini: soko, masomo, ofisi, kungoja. Hiyo inageuka 60 kwenye kilometa 1.800 tu. Asilimia moja ni kilometa 45, na mwisho wake ni kilometa 4.500.

Angalia sasa karatasi ya fundi yenye kuandikwa 5.000. Kwa gari ya Kolwezi, inamwaga mafuta ambayo kompyuta inaihesabia ingali asilimia 50. Katika kilometa 30.000, mwenye gari atafanya vidanji sita, litre 25 na kidogo, mahali ambapo hesabu ya tablo ingemwomba tatu. Kwa gari ya mjini ni kinyume: karatasi inachelewa. Picha ya ufunguo inawaka kwenye tablo ikifika 15, yaani karibu kilometa 3.800, na mwenye gari anayengoja 5.000 anatembea kilometa zaidi ya elfu moja na ile picha machoni. Ikipita 0, tablo ya Honda inaanza kuonyesha namba yenye alama ya kutoa, kwa mfano -10, ikihesabu umbali uliopita kisha mwisho. Kuna watu wanaoona ile namba na kufikiri ni kasoro ya stima. Ni deni.

Mpaka hapa kompyuta inaonekana kushinda. Lakini ile hesabu ilijengwa juu ya mambo matatu ambayo inayaamini bila kuyaona: kwamba mafuta iko kwa kipimo chake, kwamba mafuta ni ya aina ile kitabu cha gari kinataka, na kwamba hewa inayoingia kwenye moteri ni safi. Huku kwetu yote matatu yanaweza kukosekana kwa gari moja.

Tuanze na kipimo, maana ndiyo inaua haraka. Ile CR-V ya Kolwezi ni gari ya okazio, imezeeka, inakula mafuta kidogo. Tuseme inakula litre moja kwa kila kilometa 2.500. Haitoi moshi wa kuogopesha, haiachi doa chini, mwenyewe hajui. Kisha kilometa 2.500 za kwanza, mafuta kwenye joji imeshuka kutoka alama ya juu mpaka alama ya chini, sababu kwa magari mengi kati ya alama hizo mbili kuna litre moja hivi. Kwenye kilometa 5.000 joji inatoka kavu. Kwenye 7.500 zimekwisha litre 3, imebaki litre 1 na kidogo ndani ya moteri inayotaka 4,2. Na tablo? Inaandika 30. Taa nyekundu yenye picha ya kopo la mafuta haiwaki bado, sababu ile taa inangoja presha ianguke. Ikiwaka kwenye kona, ao wakati wa kupanda, pompa tayari imevuta hewa na vyuma tayari vimesuguana.

Ndivyo mtu anafikishwa garaji na remorkeri, na fundi anatoa joji na kumwonyesha: « Papa, motokari yako ilikosa mafuta. » Naye anajibu kwa uaminifu wote: « Lakini tablo ilisema ingali asilimia 30. » Wote wawili wanasema kweli.

Kwa desturi ya kilometa 5.000, gari hiyo hiyo ingefika garaji na litre 2 zimebaki. Ni hatari, lakini inaweza kupona. Hapa ndipo karatasi ya fundi inaokoa moteri kwa sababu ambayo fundi mwenyewe hataji: si kwamba mafuta ilichoka, ni kwamba mtu alifungua kofia ya moteri na kuangalia. Anayetaka kufuata asilimia lazima achukue kazi hiyo mwenyewe. Kila mara ya pili anapojaza esansi, gari isimame mahali sawa, moteri izimwe, angoje dakika chache ili mafuta ishuke, atoe joji, aipanguse, airudishe mpaka mwisho, aitoe tena na kusoma. Kama imeshuka kati ya mara mbili, aongeze na aandike kiasi alichoongeza. Kuongeza mafuta hakurudishi asilimia, na haitakiwi kubonyeza kitu chochote kwenye tablo kwa sababu hiyo.

Aina ya mafuta ni jambo la pili. Kompyuta ya ile CR-V ilipangiwa mafuta mepesi ya 5W-20 yenye ubora ambao kitabu kimetaja. Ukitia mafuta ya bidoni isiyojulikana, ao iliyochujwa na kuuzwa upya, tablo inaanza kwa 100 kama kawaida. Haina njia ya kujua. Mtu ambaye hana uhakika na mafuta aliyonunua hana asilimia ya kuamini. Huyo afuate kilometa, tena afupishe. Kwa magari ya mazuti kuna neno moja zaidi: mazuti yenye salfa nyingi yanaleta asidi ndani ya mafuta ya moteri, na magari yaliyopangiwa mazuti safi ya Ulaya, Japani ao Amerika hayakuweka hesabu hiyo.

Halafu vumbi. Kuanzia mwezi wa tano mpaka mvua zirudi, njia za udongo mwekundu za Katanga na malori ya migodi vinajaza hewa unga ambao ni mchanga laini. Ukipita ndani ya moteri unasugua silinda na pete za pistoni kama msasa. Kompyuta haioni punje hata moja. Vitabu vya magari vyenyewe vinakubali hivyo: kwa njia za vumbi vinaomba vidanji na filtri mapema. Ford, kwa mfano, kwa magari yake yenye kuhesabu asilimia inaandika kwamba anayetembea kwenye vumbi ao njia bila lami abadilishe mafuta kila maili 5.000, ni kusema kilometa 8.000, ao miezi sita, bila kungoja tablo.

Hata hivyo lawama isitupwe yote kwa mafuta. Vumbi haianguki tu ndani ya mafuta. Inapita kwenye filtri ya hewa iliyopasuka, isiyokaa vizuri, ao iliyopigwa presha ya kompresa mpaka karatasi ikatoboka. Mtu akiacha filtri hiyo pale na kubadilisha mafuta kila kilometa 3.000, anapunguza ubaya lakini mchanga unaendelea kuingia. Njia ya kujua ni rahisi: zima moteri, fungua kisanduku cha filtri, pitisha kidole ao kitambaa cheupe ndani ya mpira unaokwenda kwenye moteri, upande wa kisha filtri. Upande wa mbele vumbi ni halali. Upande huu, kidole kikitoka chekundu, filtri ibadilishwe leo, na mafuta pamoja nayo, hata kama tablo inaandika 80.

Kuna mtego mwingine wenye kuchanganya watu wengi, maana Toyota ndizo nyingi. Kwenye Toyota nyingi zilizotoka Amerika kuna taa ya MAINT REQD. Wengi wanaihesabu kuwa ndugu ya asilimia ya Honda. Sivyo. Ile taa haijui joto, haijui ralanti, haijui safari fupi. Inahesabu umbali tu: karibu maili 4.500 inaanza kuwaka na kuzima, kwenye maili 5.000 inabaki. Ni karatasi ya fundi iliyowekwa ndani ya tablo, basi. Na maili 5.000 ni kilometa 8.000 na kidogo. Land Cruiser ya zamani ya mazuti, ile inayopendwa na mashirika, haina hata hiyo. Kwake karatasi na daftari la shofere ndiyo sheria.

Maili zinaleta kosa jingine dogo lenye madhara makubwa. Gari ikiwa ya Amerika, konteri yake inaweza kuwa ya maili. Fundi anasoma 92.000, anajumlisha 5.000 kama kawaida, anaandika 97.000 kwenye karatasi. Mwenye gari anafikiri anafuata kilometa 5.000; kweli anafanya 8.000. Kama namba zinaonekana kupanda polepole, angalia kama pembeni imeandikwa mi ao km.

Asilimia pia ni kitu ambacho mtu yeyote anaweza kuandika upya. Kwenye CR-V tuliyotaja, kontakti inafunguliwa bila kuwasha moteri, kifungo cha SEL/RESET kinabonyezwa mpaka asilimia itokee, kisha kinashikwa karibu sekunde 10 mpaka namba ianze kuwaka na kuzima, kinashikwa tena sekunde 5 ao zaidi mpaka 100 itokee. Hakuna tone la mafuta linalohitajika. Kwa hiyo gari ya okazio yenye kuonyesha 90 siku ya kununua haishuhudii vidanji, inashuhudia kidole. Anayenunua afanye vidanji mpya, mafuta na filtri, abonyeze mwenyewe, na kuanzia hapo hesabu ni yake. Na kinyume chake hutokea sana: fundi anamwaga mafuta vizuri lakini hajui kile kifungo, tablo inaendelea na hesabu ya zamani, na kisha majuma mawili mwenye gari anaambiwa na ufunguo kwamba anadaiwa. Wengine wanarudia vidanji bure. Wengine, na hao ndio wako hatarini, wanaanza kuudharau ufunguo.

Herufi zinazotokea pamoja na ufunguo wa Honda nazo zina maana. A ni kubadilisha mafuta tu. B ni mafuta, filtri, na kuangalia breki na vitu vingine. Kwa A, kitabu kinaruhusu filtri kubaki. Kwa bei ya filtri ikilinganishwa na bei ya moteri, na kwa vumbi hii, mafundi wa hapa wanaoibadilisha kila mara hawakosei.

Basi zile CR-V mbili zifanye nini? Gari ya mjini ifuate tablo: ikifika 15, iende garaji, hata kama karatasi inasema kungali kilometa elfu. Gari ya Kolwezi inaweza kupita 5.000, lakini kwa masharti: mafuta ya aina iliyo kwenye kitabu na kutoka kwa muuzaji anayejulikana, filtri ya hewa nzima, joji kila mara ya pili ya esansi. Hata hivyo kungoja 15, yaani kilometa 8.500, ni kujiamini mno kwa gari iliyozeeka na barabara yenye malori, 7.000 wakati wa mvua na 5.000 wakati wa vumbi ni mipaka yenye busara zaidi. Na kama inakula litre moja kwa 2.500 kama tulivyosema, swali la asilimia lingoje kwanza fundi aangalie pete za pistoni na mipira ya kuzuia mafuta.

Gari inayolala nayo isisahauliwe. Kuna zinazoshinda kwenye parsela miezi, zinawashwa dakika tano ili batri isife, asilimia haishuki. Kitabu cha Honda kinataka vidanji angalau mara moja kwa mwaka, tablo iseme isiseme. Zile dakika tano za kila juma ndizo zinazojaza maji ndani ya mafuta. Ukifungua kifuniko cha kutilia mafuta na kukuta utelezi mweupe kama maziwa ya mgando, kwanza angalia maji ya radiatere. Kama hayapungui, ni mvuke wa kuwasha bila kutembea. Ibadilishwe mafuta, kisha gari ipelekwe safari ya nusu saa.